Kuchambua hati ya madai na hati ya utetezi: namna ya kuchomoa madai, utetezi na nafuu aya kwa aya

Anayepewa jalada la shauri la madai na kuambiwa alete muhtasari wa ukurasa mmoja huanza kwa kulisoma kama hadithi, kisha huandika alichokumbuka. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi nilipokuwa mwanagenzi katika ofisi ya mawakili. Niliandika kwamba mdaiwa "amekana deni lote", kumbe katika aya ya nne ya utetezi wake alikuwa amekiri sehemu kubwa ya mambo yaliyozaa deni hilo. Wakili aliyenituma alinirudishia karatasi na kuniuliza swali moja tu: "Aya ya ngapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo siandiki neno kwenye muhtasari bila namba ya aya pembeni yake, na mwongozo huu umejengwa juu ya desturi hiyo.

Nitafuata utaratibu wa Tanzania Bara, yaani Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Humo Amri ya VI inahusu hati za pande zote mbili kwa ujumla, Amri ya VII inahusu hati ya madai, Amri ya VIII inahusu utetezi na madai kinzani, na Amri ya XIV inaeleza namna hoja bishaniwa zinavyopatikana. Shauri nitakalolitumia nimelitunga kwa ajili ya somo hili. Muuza saruji wa Dodoma anamdai mkandarasi bei ya mzigo.

Kwanza, hakikisha unasoma hati iliyo hai

Kabla ya kusoma aya yoyote, tazama kama hati ya madai imewahi kurekebishwa kwa ruhusa ya mahakama. Jalada linaweza kuwa na hati mbili zinazofanana kwa sura, moja ikiwa na maneno "iliyorekebishwa" kwenye kichwa chake, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Tazama pia kama utetezi uliomo unajibu hati hiyo au ile ya zamani, kwa sababu aya moja ikiongezwa katikati namba zote za chini yake husogea. Jibu lililoandikwa "aya ya 6 inakanushwa" litakuwa linakanusha jambo jingine kabisa. Mwisho, tafuta majibu ya mdai kwa utetezi na, kama kuna madai kinzani, utetezi wa mdai dhidi ya madai hayo. Andika orodha ya hati hizo pamoja na tarehe zilizopokelewa mahakamani, kisha funga jalada, uchukue karatasi safi na kuichora safu tatu: ya jambo linalodaiwa, ya jibu la mdaiwa na ya maoni yako.

Pili, vunja kila aya ya madai katika mambo yake

Hati ya madai inatakiwa kueleza kwa ufupi mambo ya msingi ambayo mdai anayategemea, bila kueleza ushahidi utakaoyathibitisha. Mambo hayo yakikusanywa pamoja ndiyo yanayounda sababu ya madai. Msomaji hukwama pale anapoichukulia aya kama jambo moja, wakati aya moja inaweza kubeba mambo manne au matano ambayo kila moja linaweza kukubaliwa au kukanushwa peke yake.

Hizi hapa ni aya za msingi za hati ya madai katika shauri letu:

"3. Kwamba tarehe 12 Machi 2022 mdai na mdaiwa waliingia mkataba wa maandishi ambao kwao mdai angemuuzia mdaiwa mifuko 2,000 ya saruji kwa bei ya Sh. 16,000 kwa mfuko, jumla Sh. 32,000,000, na malipo yangefanyika ndani ya siku 30 tangu mzigo wa mwisho kupokelewa.

4. Kwamba kati ya tarehe 20 Machi na 15 Aprili 2022 mdai alifikisha mifuko yote 2,000 katika eneo la ujenzi la mdaiwa ikiwa katika hali nzuri.

5. Kwamba tarehe 2 Mei 2022 mdaiwa alilipa Sh. 12,000,000 na tangu hapo hajalipa salio la Sh. 20,000,000.

6. Kwamba tarehe 10 Julai 2022 mdai alimpa mdaiwa notisi ya madai, ambayo mdaiwa hakuijibu.

7. Kwamba kwa sababu ya kutolipwa, mdai alishindwa kurejesha mkopo wa benki kwa wakati na akatozwa adhabu ya Sh. 4,500,000."

Ichukue aya ya 4. Inasema kwamba mzigo ulifikishwa, kwamba ulikuwa mifuko 2,000, kwamba ulifikishwa katika eneo la ujenzi la mdaiwa, kwamba ulifika kati ya tarehe hizo mbili, na kwamba ulikuwa mzima. Kwenye karatasi yako mambo hayo yawe mistari mitano, yaani 4(i) mpaka 4(v), hata kama mwandishi wa hati aliyafungasha katika sentensi moja. Kazi hii inachosha, lakini bila kuifanya huwezi kuona utetezi unagusa wapi.

Wakati wa kuvunja, iache lugha ya kulalamika. Maneno kama "kwa makusudi na bila haya" hayaingii kwenye orodha, isipokuwa pale ambapo nia yenyewe ni sehemu ya dai, kama ilivyo kwenye udanganyifu, ambao sheria inataka uelezwe kwa undani wake. Viambatisho navyo viandikwe pembeni kwa alama zao tu. Usichukue maneno ya mkataba ulioambatishwa ukayaingiza kwenye orodha kana kwamba mdai ameyadai katika aya. Kama mkataba una sharti ambalo hakuna upande ulioligusa, liandike kwenye safu ya maoni yako.

Mwisho wa hatua hii andika sentensi moja inayotaja sababu ya madai na siku ilipozaliwa. Hapa ni kuvunjwa kwa mkataba wa mauziano kwa kutolipa salio la bei. Mzigo wa mwisho ulifika tarehe 15 Aprili, siku 30 ziliisha tarehe 15 Mei, na kwa hiyo mdaiwa alianza kuwa mvunjaji tarehe 16 Mei 2022. Tarehe hiyo usiiruke, kwa kuwa ukomo wa kufungua shauri la mkataba, ambao ni miaka 6, huhesabiwa kuanzia siku haki ya kudai ilipozaliwa.

Tatu, soma nafuu peke yake, kisha itafutie kila moja mguu wa kusimamia

Nafuu huwa mwishoni, baada ya maneno "kwa hiyo mdai anaomba". Mdai wetu anaomba (a) Sh. 20,000,000 ikiwa salio la bei, (b) Sh. 4,500,000 ikiwa hasara mahsusi, (c) riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio kuanzia 16 Mei 2022 hadi siku ya hukumu, (d) riba ya asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu hadi malipo kamili, (e) fidia ya jumla kadiri mahakama itakavyoona, (f) gharama za shauri, na (g) nafuu nyingine yoyote.

Chora mshale kutoka kila nafuu kurudi kwenye aya inayoibeba. Nafuu (a) inarudi aya ya 3, 4 na 5 bila shida. Nafuu (b) inarudi aya ya 7, na ni vizuri kwamba kiasi kimetajwa humo, kwa sababu hasara mahsusi lazima itajwe wazi katika hati na kuthibitishwa kikamilifu; Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992. Nafuu (d) inatokana na sheria yenyewe, maana asilimia 7 ndiyo riba ya kawaida ya deni la hukumu, kwa hiyo haihitaji aya. Nafuu (e), (f) na (g) nazo husimama bila kiasi.

Inabaki (c). Rudi aya ya 3, isome tena mpaka mwisho. Hakuna mahali mdai aliposema kwamba pande mbili zilikubaliana riba ya asilimia 18, wala hakuna aya nyingine inayoeleza inatokana na nini, iwe desturi ya biashara hiyo au kingine. Hiyo mimi huiita nafuu yatima. Usiifute kwenye orodha, kwa sababu imeombwa na mahakama italazimika kuisemea. Iandike kama ilivyo, na kwenye safu ya maoni weka "hakuna aya inayoitaja". Kosa la kinyume chake hutokea pia. Unaweza kukuta aya nzima inayolalamikia jambo, kama vile mali iliyozuiliwa, wakati hakuna nafuu yoyote inayoomba mali hiyo irudishwe. Liandike nalo.

Nne, panga kila jibu la mdaiwa mbele ya jambo linalolijibu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapokushauri usome taratibu kuliko mahali pengine popote. Mdaiwa wetu ameandika hivi:

"1. Kwamba mdaiwa anatoa pingamizi la awali kwamba shauri hili halistahili kusikilizwa kwa kuwa mdai hakukamilisha mzigo.

2. Kwamba aya ya 3 inakubaliwa.

3. Kwamba aya ya 4 inakanushwa vikali. Mdaiwa anaeleza kwamba alipokea mifuko 1,700 tu, na kati ya hiyo mifuko 150 ilikuwa imeganda na haikufaa kwa kazi.

4. Kwamba aya ya 5 inakubaliwa kwa kiasi kinachohusu malipo ya Sh. 12,000,000, na mengine yanakanushwa.

5. Kwamba kila jambo ambalo halikukubaliwa waziwazi katika hati hii lichukuliwe kuwa limekanushwa."

Majibu ya mdaiwa huangukia katika mafungu machache. Lipo lililokubaliwa, lililokanushwa waziwazi, lililokanushwa kwa kuletewa maelezo mengine, lililokwepwa, na lililonyamaziwa. Sheria haiyapi mafungu haya uzito sawa. Chini ya Amri ya VIII jambo ambalo halikukanushwa mahsusi, au kwa maana inayotokana na maneno ya utetezi, au ambalo mdaiwa hakusema kwamba halikubali, huchukuliwa kuwa limekubaliwa, ingawa mahakama ina hiari ya kutaka lithibitishwe. Kwa sababu hiyo kunyamaza ni jibu, nawe lazima ulirekodi.

Neno "vikali" katika aya ya 3 ya utetezi halina thamani yoyote kwako. Tazama kilicho nyuma yake. Mdaiwa amesema alipokea mifuko 1,700, kwa hiyo 4(i), kwamba mzigo ulifikishwa, haibishaniwi tena kwa mifuko hiyo. Idadi, ambayo ni 4(ii), inabishaniwa kwa mifuko 300. Hali ya saruji, 4(v), inabishaniwa kwa mifuko 150. Mahali na tarehe, 4(iii) na 4(iv), hakuvigusa kwa maelezo yoyote zaidi ya ukanushi wa jumla wa aya nzima. Fikiria angeandika hivi: "Mdaiwa anakanusha kwamba mdai alifikisha mifuko 2,000 kati ya tarehe 20 Machi na 15 Aprili 2022". Je, anakana idadi au anakana tarehe? Huo ndio ukwepaji ambao Amri ya VIII inaukataza. Ukiukuta, usimchagulie mdaiwa maana. Nakili maneno yake na uandike "haijulikani anakana lipi".

Sasa njoo kwenye ukimya. Aya ya 6 ya madai, inayohusu notisi, haikujibiwa mahali popote. Aya ya 5 ya utetezi, ile ya "kila jambo lisilokubaliwa limekanushwa", ni ukanushi wa jumla ambao mawakili wengi huuweka kama kufuli la mlango wa nyuma, na sheria inataka zaidi ya huo. Katika safu ya jibu andika "kimya, isipokuwa ukanushi wa jumla aya ya 5" na uache mahakama ipime. Aya ya 7, ya hasara ya mkopo, nayo haikujibiwa, lakini hapa usikimbilie kuandika kwamba imekubaliwa. Wajibu wa kujibu kila jambo mahsusi hauhusu kiasi cha fidia, kwa hiyo mdai bado anabeba mzigo wa kuthibitisha zile Sh. 4,500,000 hata kama mdaiwa hakusema neno. Ukimya wa aya ya 6 na ukimya wa aya ya 7 unafanana machoni tu, na muhtasari usiotenganisha huu na ule humpoteza anayeutumia.

Pingamizi la awali liandikwe kwenye mstari wake peke yake. Tangu shauri la Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors la mwaka 1969, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, pingamizi la awali ni hoja ya kisheria tupu inayosimama juu ya kudhani kwamba mambo yaliyoelezwa na upande wa pili ni kweli. Pingamizi letu linasema mzigo haukukamilika, yaani linabisha aya ya 4 badala ya kuidhani kuwa kweli, na litahitaji mashahidi. Liandike chini ya jina alilolipa mdaiwa, kisha kwenye maoni weka "linategemea ushahidi, linarudia utetezi aya ya 3". Kazi yako ni kuchomoa. Kulitupa pingamizi ni kazi ya hakimu.

Tano, tenga madai kinzani na uyasome kama shauri jipya

Baada ya kichwa "madai kinzani" mdaiwa ameandika aya mbili zaidi. Anasema mkataba ulitaka mzigo wote ufike kabla ya tarehe 31 Machi 2022, kwamba kuchelewa kwa mdai kuliwafanya mafundi wakae bure siku 9, na kwamba alilipa Sh. 700,000 kila siku, jumla Sh. 6,300,000. Anaomba shauri la mdai litupwe kwa gharama, alipwe Sh. 6,300,000, na alipwe gharama za madai kinzani.

Ombi la kwanza kati ya hayo ni la utetezi, na mawili yanayofuata ni ya madai kinzani. Watu huyachanganya kwa sababu yameandikwa pamoja. Fungua karatasi nyingine, mgeuze mdaiwa kuwa mdai, na urudie hatua ya pili na ya tatu. Utaona kwamba sharti la tarehe 31 Machi halimo katika aya ya 3 ya madai, ambayo mdaiwa aliikubali yote. Kukubali kwake hakumfungi asiseme kuna sharti jingine, lakini sharti hilo sasa ni jambo jipya ambalo yeye ndiye aliyelileta. Kwa upande mwingine, aya ya 4 ya mdai mwenyewe inasema mzigo uliendelea kufika hadi 15 Aprili. Kwa hiyo kama sharti la 31 Machi lipo, kuchelewa hakuna mabishano. Kama mdai hajawasilisha utetezi dhidi ya madai kinzani, liseme hilo juu kabisa ya karatasi hii, kwa wino unaoonekana.

Sita, piga hesabu ya kinachobishaniwa

Katika mashauri ya fedha huwa sikabidhi muhtasari kabla ya kufanya hesabu hii. Chukua maelezo ya mdaiwa yalivyo, uyadhani kuwa kweli yote. Mifuko 1,700 ukitoa 150 iliyoganda inabaki 1,550. Kwa bei ya Sh. 16,000, ambayo ameikubali, hiyo ni Sh. 24,800,000. Ukitoa Sh. 12,000,000 alizolipa, zinabaki Sh. 12,800,000. Hata madai kinzani yakifaulu yote, Sh. 6,500,000 hazina utetezi unaozifunika. Mabishano ya salio la bei yako katika mifuko 450 tu, yaani Sh. 7,200,000.

Hesabu hiyo iweke kwenye maoni, ikiwa na namba za aya zilizoizaa. Usiandike kwamba mdaiwa "amekiri deni la Sh. 12,800,000", kwa sababu hakusema hivyo, aya ya 4 ya utetezi wake inakana salio. Alichokiri ni mkataba, bei, kupokea mifuko 1,700 na malipo aliyofanya. Kama hayo yanatosha kuombea hukumu ya sehemu ya deni, wakili wa mdai ataamua.

Saba, toa hoja bishaniwa

Hoja huzaliwa pale upande mmoja unapodai jambo la msingi na mwingine kulikana. Pita kwenye orodha yako na uokote mistari yenye dai upande mmoja na ukanushi upande wa pili, kisha uiandike kama maswali. Kwa shauri letu ni haya: je, mdai alifikisha mifuko 2,000 au 1,700, je, mifuko 150 ilikuwa imeganda ilipopokelewa, je, mdai alipata hasara ya Sh. 4,500,000 iliyotokana na kutolipwa, je, mkataba ulitaka mzigo uishe kabla ya 31 Machi 2022 na, kama ndivyo, je, mdaiwa alipata hasara ya Sh. 6,300,000; na pande zinastahili nafuu zipi.

Swali la "je, kulikuwa na mkataba kati ya pande mbili", ambalo nimeliona likiandikwa kama hoja ya kwanza hata mahali ambapo mkataba umekubaliwa, hapa halina nafasi, kwa kuwa aya ya 2 ya utetezi imelifunga. Kuhusu riba ya asilimia 18, iache chini ya swali la nafuu, ikiwa na yale maneno yake pembeni kwamba hakuna aya inayoitaja.